Kusoma picha ya kalenda ya juma: kutambua migongano na nafasi zilizo wazi kabla ya kupanga kikao kipya

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayepanga vikao kwa niaba ya mwingine bila kuwa na ruhusa ya kuifungua kalenda yenyewe. Anachopewa ni picha ya skrini inayoonyesha juma zima, aghalabu kwa WhatsApp, pamoja na ombi fupi la kutafuta saa moja ya kikao. Picha hiyo ina masanduku yenye rangi, mistari ya saa na majina yaliyokatwa katikati, na kutokana na hayo anatakiwa atoe orodha mbili: shughuli zinazogongana, na nafasi ambazo kwa hakika ziko wazi.

Makosa mengi hutokea kwa sababu msomaji huitazama picha na kuchagua papo hapo eneo jeupe. Eneo jeupe halithibitishi kwamba mtu yuko huru. Linathibitisha tu kwamba hakuna kilichochorwa mahali hapo. Kwa hiyo, kabla ya kutafuta nafasi yoyote, geuza kila sanduku kuwa mstari mmoja wa maandishi wenye siku, saa ya kuanza, saa ya kumalizika, jina la shughuli na hali ya mwaliko. Saa ziandikwe kwa mtindo wa saa 24, yaani 09:00 au 15:30, ili asubuhi na jioni visichanganywe.

Tuchukue mfano wa mkurugenzi aliyepo Dar es Salaam anayehitaji kikao cha dakika 60 na mshirika aliyepo Lubumbashi. Saa zake za kazi ni 08:00 hadi 17:00, na chakula cha mchana ni 13:00 hadi 14:00. Mshirika anapatikana kuanzia 09:00 hadi 16:00 kwa saa za Lubumbashi. Safu ya Jumanne katika picha imetoa orodha hii:

| Mwanzo | Mwisho | Shughuli | Hali |
|---|---|---|---|
| 08:30 | 09:30 | Bajeti ya robo mwaka | imekubaliwa |
| 09:00 | 10:00 | Usaili wa mhasibu | imekubaliwa |
| 09:45 | 10:30 | Simu na mkaguzi | haijajibiwa |
| 11:00 | 11:25 | Taarifa ya miradi | imekubaliwa |
| 14:00 | 15:30 | Mafunzo ya mfumo | jina limepigwa mstari |
| 15:00 | 16:00 | Ghala, Pugu Road | imekubaliwa |

Matatizo yanayofuata yamepangwa kwa dalili, yaani kwa namna yanavyojitokeza kwa mpangaji, na Jumanne hii itatumika kuyapima.

## Masanduku matatu yamebanana: je, yote yanagongana?

Shughuli zinapoingiliana, kalenda huzipunguza upana ili zikae kando kwa kando ndani ya safu ya siku moja. Ndiyo maana Jumanne asubuhi picha inaonyesha masanduku matatu membamba yaliyosongamana, na msomaji wa haraka huandika kwamba shughuli zote tatu zinagongana. Hilo si kweli. Programu hupunguza upana wa kundi zima hata pale ambapo sanduku la kwanza na la tatu hayakutani kabisa, kwa sababu kila moja linakutana na lile la kati.

Njia ya uhakika ni kulinganisha shughuli mbili mbili kwa kanuni moja: shughuli A na B zinagongana endapo A inaanza kabla B haijamalizika, na B nayo inaanza kabla A haijamalizika. Sharti zote mbili lazima zitimie. Bajeti na usaili vinagongana kuanzia 09:00 hadi 09:30, yaani dakika 30. Usaili na simu ya mkaguzi vinagongana kuanzia 09:45 hadi 10:00, yaani dakika 15. Bajeti na simu havigongani, kwa kuwa bajeti inamalizika 09:30 na simu inaanza 09:45. Orodha ya migongano ya asubuhi hiyo ina basi mistari miwili, na ni muhimu iwe miwili, kwa sababu mwenye kalenda akiisogeza simu ya mkaguzi mbele kwa dakika 15 tu, mgongano wa pili unaondoka wenyewe. Mpangaji aliyeandika kwamba zote tatu zinagongana hawezi kuliona suluhisho hilo.

Angalia pia kwamba kanuni hiyo haivihesabu vikao vinavyopakana kuwa vinagongana. Kikao kinachoisha 10:00 na kingine kinachoanza 10:00 vinagusana kwenye picha bila kuingiliana hata dakika moja. Ikiwa mwenye kalenda hapendi kutoka kikao kimoja na kuingia kingine bila kupumua, hilo ni sharti la kuongeza mapumziko, nalo liandikwe peke yake, lisiingizwe katika orodha ya migongano.

Chanzo kingine cha migongano isiyokuwepo ni shughuli moja kuonekana mara mbili. Mtu aliyewasha kalenda yake binafsi pamoja na ya idara ataona kikao kilekile kwa rangi mbili, kwa jina na saa zilezile. Mistari hiyo miwili iunganishwe kuwa mmoja, lakini baada tu ya kuhakikisha kwamba mwanzo na mwisho vinalingana kabisa. Vikitofautiana kwa nusu saa, huenda mwaliko mmoja ulisogezwa na mwingine ukasahaulika, na hapo mwenye kalenda lazima aulizwe.

## Mgongano upo kwenye picha, lakini mwenyewe anasema hakuna

Hapa chanzo mara nyingi ni hali ya mwaliko. Katika Google Calendar, mwaliko uliokataliwa huweza kubaki ukionekana huku jina lake likiwa limepigwa mstari katikati; ambao haujajibiwa huchorwa kama sanduku jeupe lenye mpaka wa rangi; na uliojibiwa kwa jibu la “labda” hupewa mistari ya mshazari. Outlook nayo huzitofautisha shughuli zisizo na uhakika kwa mistari ya mshazari. Picha ikishapunguzwa ukubwa, alama hizi ndizo za kwanza kufifia, kwa hiyo ikuze na uchunguze kila sanduku kabla ya kujaza safu ya hali.

Jumanne yetu inaonyesha mafunzo ya mfumo yakiingiliana na safari ya ghalani kuanzia 15:00 hadi 15:30. Kwa kuwa jina la mafunzo limepigwa mstari, mkurugenzi alikwisha kuyakataa. Mgongano haupo, na muda wa mafunzo haupaswi kuzuia kikao kipya. Simu ya mkaguzi ni jambo tofauti. Mwaliko ambao haujajibiwa haujakataliwa, na msimamo wangu ni kwamba uhesabiwe kuwa umechukua nafasi mpaka mwenyewe aseme vinginevyo, kwa kuwa kumwondoa mkaguzi kimyakimya ni kosa zito kuliko kupoteza nusu saa.

Kuna jambo moja ambalo picha haiwezi kulionyesha vizuri. Katika programu hizi, shughuli inaweza kuwekwa kwenye kalenda huku mwenyewe akihesabika kuwa huru, kama vile ukumbusho wa kulipa kodi ya pango au siku ya kuzaliwa ya mwenzake. Sanduku la namna hiyo linaweza kuonekana sawa na mengine. Jina likionyesha kwamba ni ukumbusho na si kazi ya kukaa na watu, liwekee alama ya kuuliza.

## Nafasi ilionekana wazi, kumbe mwenyewe ana shughuli

Hili ndilo tatizo linaloleta aibu zaidi, kwa sababu hugunduliwa baada ya mialiko kutumwa. Lina vyanzo kadhaa, na vyote vinahusu kile kilichobaki nje ya picha.

Anza na ukingo wa juu. Juu kabisa ya safu za juma kuna utepe mwembamba wa shughuli za siku nzima, na huko ndiko kunakowekwa likizo, safari na sikukuu. Mtu aliye safarini Dodoma kuanzia Jumatano hadi Ijumaa anaweza kuwa na safu tatu nyeupe kabisa chini ya utepe huo. Aliyekata picha ili ipendeze huukata utepe pamoja na majina ya siku, na hapo madhara huwa mawili: shughuli za siku nzima zinapotea, na safu hazijulikani tena ni za siku gani. Kalenda nyingine huanza juma Jumapili na nyingine Jumatatu, kwa hiyo safu ya tatu inaweza kuwa Jumanne kwa mmoja na Jumatano kwa mwingine. Picha isiyo na majina ya siku na tarehe haifai kusomwa, omba nyingine. Utepe ukionyesha maandishi kama `+2 more`, maana yake kuna shughuli mbili zilizofichwa, na hizo lazima zifunguliwe na mwenyewe.

Kisha angalia saa ya kwanza na ya mwisho zinazoonekana pembeni. Skrini ya kompyuta ndogo huonyesha sehemu tu ya siku. Picha inayoanzia 09:00 haisemi lolote kuhusu 08:00, na nafasi yoyote ya saa hiyo isiandikwe kuwa wazi. Iandikwe kuwa haijulikani.

Kwetu Afrika Mashariki, ukingo huo unaficha kosa lenye sura yake mahususi. Mtu anayesema kwa kawaida “kikao saa nne asubuhi” anaweza kuingiza 4:00 kwenye kalenda badala ya 10:00. Kikao hicho kitakaa alfajiri, juu ya eneo lililopigwa picha, huku 10:00 ikibaki nyeupe. Pengine kitaangukia 16:00, na hapo kitaonekana kama shughuli ya jioni ambayo hakuna anayeikumbuka. Dalili ya kutafuta ni sanduku lililokaa saa sita kabla au saa sita baada ya muda uliotajwa katika jina lake: jina linasema “Wazazi saa 4” ilhali sanduku liko 16:00. Ukiona hata moja la aina hiyo, mwombe mwenye kalenda asogeze ukurasa hadi usiku wa manane na kupiga picha ya pili, kwa kuwa mtu aliyekosea hivyo mara moja huenda ana mengine yaliyofichika.

Chanzo kingine ni kalenda zilizozimwa. Kwenye upande wa kushoto wa Google Calendar kuna orodha ya kalenda zenye visanduku vya kutia alama, na ile isiyotiwa alama haichorwi. Picha iliyojumuisha upande huo ni ya thamani kubwa, kwa sababu unaona mara moja kwamba, kwa mfano, kalenda ya familia imezimwa. Upande huo ukikosekana, uliza swali moja tu: “Je, kalenda zako zote zilikuwa zimewashwa ulipopiga picha?” Na kwa kuwa picha haibadiliki baada ya kupigwa, tafuta ndani yake mstari mwekundu unaoonyesha saa ya sasa. Ukiuona kwenye safu ya Jumatatu ilhali leo ni Jumatano, picha imechakaa kwa siku mbili.

## Hesabu ya nafasi inatoa muda ulio katikati ya shughuli ndefu

Tatizo hili huwapata wale walioandika orodha yao vizuri, wakaipanga kwa saa ya kuanza, kisha wakalinganisha kila mstari na ule uliotangulia tu. Tuseme Alhamisi kuna warsha ya 09:00 hadi 12:00, ndani yake simu ya 09:30 hadi 10:00, kisha kikao cha 12:30. Ukilinganisha kikao cha 12:30 na mstari uliotangulia, ambao ni simu, utapata kwamba 10:00 hadi 12:30 ni wazi, ilhali warsha inaendelea hadi adhuhuri. Nafasi ya kweli ni nusu saa tu, kuanzia 12:00.

Dawa yake ni kulinganisha kila mwanzo na mwisho wa mbali zaidi kati ya mistari yote iliyotangulia. Ukitumia jedwali la Excel au Google Sheets, weka siku moja kwa kila jedwali, mwanzo kwenye safu ya B na mwisho kwenye safu ya C, kuanzia mstari wa 2, na uzipange kwa saa ya kuanza. Kisha kwenye mstari wa 3 andika fomula hizi mbili katika safu mbili tofauti na uziteremshe hadi mwisho wa orodha:

```
=IF(B3<MAX(C$2:C2),"Mgongano","")
=MAX(0,B3-MAX(C$2:C2))
```

Ya kwanza inaonyesha mahali palipo na mgongano, ingawa haisemi na nani, hivyo jozi zenyewe bado utazipata kwa kanuni ya hapo juu. Ya pili inatoa urefu wa nafasi iliyo kabla ya shughuli hiyo. Seli zake zipewe muundo wa saa, la sivyo utaona desimali. Mstari uliokataliwa uondolewe kwanza, na chakula cha mchana kiongezwe kama shughuli nyingine yoyote. Nafasi ya kabla ya shughuli ya kwanza na ile ya baada ya ya mwisho hazimo katika fomula, kwa hiyo zihesabu mwenyewe kutoka saa za kazi.

Tukiirudia Jumanne kwa utaratibu huo, shughuli tatu za asubuhi zinaungana kuwa kipande kimoja cha 08:30 hadi 10:30. Nafasi zinazobaki ni 08:00 hadi 08:30, 10:30 hadi 11:00, 11:25 hadi 13:00, 14:00 hadi 15:00, na 16:00 hadi 17:00. Zinazotosha dakika 60 ni tatu za mwisho.

## Saa ya kumalizika haisomeki

Sanduku likiwa na saa zilizoandikwa ndani yake, ziamini hizo kuliko mchoro. Zisipokuwepo, pima. Fungua picha katika programu yoyote inayoonyesha pikseli, kisha pima umbali kati ya mistari miwili ya saa. Ikiwa kati ya 14:00 na 15:00 kuna pikseli 60 na ukingo wa chini wa sanduku uko pikseli 20 chini ya mstari wa 15:00, shughuli inamalizika karibu na 15:20. Usidai usahihi zaidi ya dakika tano, kwa sababu masanduku huachiwa upenyo mdogo chini ili yasishikane.

Upimaji huu haufai kwa shughuli fupi. Google Calendar ina chaguo la kuzionyesha shughuli fupi kwa ukubwa sawa na za dakika 30, ili jina lisomeke, kwa hiyo simu ya dakika 15 inaweza kuonekana ikichukua nusu saa. Kinyume chake, kikao kinachomalizika 11:25 kama kile cha taarifa ya miradi si kosa la macho: ipo mipangilio inayofupisha vikao vya nusu saa kwa dakika tano na vya saa moja kwa dakika kumi. Na picha iliyofifia kwa kubanwa na WhatsApp haihitaji kupimwa kwa subira. Itumwe upya kama faili badala ya picha.

## Nafasi zote zimesogea kwa saa moja au zaidi

Tafuta maandishi `GMT+03` juu ya safu ya saa. Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ziko huko mwaka mzima. Lubumbashi iko `GMT+02`, sawa na Kigali na Bujumbura, ilhali Kinshasa iko `GMT+01`, kwa hiyo kuandika “saa za Kongo” pekee hakutoshi. Muskati iko `GMT+04`. London hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, na tofauti yake na Dar es Salaam huwa saa tatu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa kiangazi. Picha ya juma la mwisho la Machi isitumike kupanga kikao cha juma linalofuata bila kuhesabu upya.

Kwa mshirika wetu, 09:00 hadi 16:00 za Lubumbashi ni 10:00 hadi 17:00 za Dar es Salaam. Nafasi tatu za Jumanne zote zimo ndani ya muda huo.

## Muda unatosha kwa hesabu, lakini mtu hawezi kuufikia

Sanduku la ghala halina mahali lilipoanza safari. Mkurugenzi akihitaji dakika 45 kufika Pugu Road na dakika 45 kurudi, nafasi ya 14:00 hadi 15:00 inabaki na dakika 15, na ile ya 16:00 hadi 17:00 nayo inabaki na dakika 15 za mwisho. Kwa hiyo kila shughuli yenye jina la mahali iongezewe muda wa njia katika orodha, kabla ya fomula kutumika. Siku ya Ijumaa, uliza pia kuhusu muda wa swala ya adhuhuri, kwa kuwa wengi hawauingizi kwenye kalenda kwa sababu kila mtu ofisini anaujua.

Jumanne imebakiwa na nafasi moja, 11:25 hadi 13:00, na pendekezo linalofaa ni 11:30 hadi 12:30. Ujumbe kwa mkurugenzi uandikwe hivi: “Jumanne 11:30–12:30 Dar es Salaam, sawa na 10:30–11:30 Lubumbashi. Nimechukulia kwamba mafunzo ya mfumo umeyakataa na kwamba simu ya mkaguzi ipo. Naomba pia uamuzi kuhusu usaili, ambao unagongana na bajeti 09:00–09:30 na simu 09:45–10:00.” Mialiko isitumwe Lubumbashi kabla hajajibu.